Kipindupindu: pimeni na maji ya ndooni

Mhariri,

Kila kipindupindu kinapobisha hodi mjini, tangazo la kwanza tunalolisoma ni la kuwafukuza mama lishe na wauza matunda ya kukatwa. Sina ugomvi na tangazo hilo, ila nauliza linakata pete ipi ya mnyororo wa maambukizi.

Ugonjwa huu unasimama kwa pembe tatu: bakteria, mtu na mazingira. Bakteria hutoka kwenye kinyesi cha aliyeambukizwa, akaingia kwenye maji au chakula, kisha mdomoni mwa mwingine. Wengi walioambukizwa hawaharishi kabisa au huharisha kidogo tu, lakini bakteria wanawatoka kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kuwalaza wagonjwa kambini hakutoshi. Chanjo nayo huimarisha pembe ya mtu, lakini kinga yake huchukua kama wiki moja kujengeka. Pete inayokatika leo hii ni maji.

Mwaka 1854 kule London, daktari John Snow aliorodhesha vifo vya mtaa wa Broad, akaona vimezunguka bomba moja la kisima. Mpini wa bomba ukang'olewa Septemba 8. Ni kweli wagonjwa walikuwa wameshaanza kupungua, watu wengi wakiwa wameuhama mtaa. Hata hivyo, Snow aliijua pete ya kukata bila kumjua bakteria mwenyewe.

Kwetu mpini wa kung'oa mara nyingi haupo. Maji hutoka salama bombani, yakachafukia nyumbani: dumu halikusuguliwa, ndoo haina mfuniko, kikombe kinachochotea kimeshikwa na mkono uliotoka chooni. Dawa yake ni klorini inayobaki ndani ya maji mpaka yanywewe. Kidonge cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu, kwa kusubiri nusu saa. Maji ya tope huila klorini yote kabla haijawafikia bakteria, kwa hiyo yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha vidonge viwe viwili. Yakikaa zaidi ya siku moja, yatibiwe upya.

Utajuaje kama klorini imebaki? Kipimo chake ni rahisi: kidonge cha kupimia kiitwacho DPD kinatiwa kwenye sampuli, maji yanageuka waridi, rangi inalinganishwa na kadi. Nyumbani isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Maji yasipobadilika rangi, nyumba hiyo haina kinga, hata kama boksi la vidonge lipo kabatini.

Ombi langu kwa halmashauri: mnapotutangazia idadi ya wagonjwa, tangazeni pia ni ndoo ngapi mlizopima wiki hiyo kila mtaa, na ngapi zilikutwa na klorini. Na mama lishe mnayemfungia, mpeni kwanza ndoo yenye koki na vidonge, mrudi kumpima.

Bwana afya mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam