Kaka ananitaka nichome risiti ili nyumba ya marehemu baba itozwe kodi ndogo

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia saa kumi alfajiri. Sijalala, na mezani mbele yangu kuna kopo la biskuti lenye risiti ambazo kaka yangu mkubwa anataka zisiwepo kufikia Jumatatu. Nitajitahidi kueleza kwa mpangilio, ingawa moyo wangu hauna mpangilio wowote kwa sasa.

Baba yetu alifariki mwaka 2021. Aliacha kihamba huko juu mlimani, ambacho hakina mjadala kwa sababu kina makaburi na kimebaki kwa mdogo wetu wa mwisho kama desturi yetu inavyotaka, na aliacha nyumba ya mjini, Pasua, yenye hati miliki. Nyumba hii ndiyo tunayoiuza sisi watoto watatu. Mnunuzi amekubali shilingi milioni 120 na ametanguliza milioni 30. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo karatasi zote zinapita mikononi mwake.

Mimi ndiye niliyeishi na baba katika nyumba ile miaka yake ya mwisho. Kati ya mwaka 2016 na 2018 nilibadilisha paa lote, nikajenga choo cha ndani ili mzee asitoke nje usiku, na nikazungusha ukuta. Nilitumia takribani milioni 18, fedha za duka langu na za mchezo wa akina mama wenzangu. Sikuyafanya hayo ili nidai. Hata hivyo, katika kikao cha ukoo, mbele ya baba zetu wadogo na shangazi, kaka alisimama akasema kwamba katika nyumba ile mimi sikutoa hata msumari. Hakuna aliyemjibu. Mimi mwenyewe sikumjibu, kwa kuwa nilidhani kila mtu anajua.

Sasa suala la kodi ndilo lililoleta haya mapya. Tulipokwenda kuulizia uhamisho wa hati, tulielezwa kwamba Msajili wa Hati hawezi kuandikisha jina la mnunuzi kabla ya kuona cheti cha mamlaka ya kodi kwamba kodi ya ongezeko la mtaji imelipwa, na kwamba kodi hiyo ni ya muuzaji, yaani ni sisi. Kuna pia ushuru wa stempu wa asilimia 1, lakini huo mnunuzi amekubali kuubeba na haunisumbui.

Afisa wa kodi alitueleza kwa upole na bila haraka. Alisema kwamba kodi hii haitozwi kwenye bei yote, bali kwenye faida, na faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama zilizothibitishwa za kukipata na kukiboresha kile kinachouzwa. Mkaazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida hiyo. Ikiwa muuzaji hana kumbukumbu za gharama, basi hatozwi kwa njia ya faida, bali hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kutegemea ipi ni kubwa. Thamani hiyo kwetu ni milioni 130, kama ilivyo kwenye taarifa ya mthamini. Taarifa hiyo pia ilizima wazo la kaka la kuandika kwenye mkataba kwamba tumeuza kwa milioni 60, jambo ambalo mimi nililipinga tangu mwanzo na naomba lisihesabiwe kwangu.

Tulipofika nyumbani tulipiga hesabu. Kwa njia ya asilimia 3, kodi ni shilingi 3,900,000. Kwa njia ya faida, tunayo makubaliano ya mwaka 1994 yanayoonyesha baba alinunua kiwanja kwa shilingi 600,000, na tunazo risiti zangu. Za kujengea nyumba yenyewe hazipo, kwa maana baba alijenga kidogo kidogo na hakuweka karatasi. Katika milioni 18 nilizotumia, zinazosomeka ni za shilingi 11,400,000 tu. Risiti za mashine ya EFD zimefifia. Ninayo moja ya mabati ambayo imebaki nyeupe kabisa, ukiinamisha kwenye mwanga unaona kivuli cha tarakimu na jina la duka huoni. Za mafundi ni karatasi za daftari, na nyingine hazina hata sahihi. Kwa hiyo gharama yote inayothibitika ni milioni 12, faida inakuwa milioni 108, na kodi inakuwa shilingi 10,800,000.

Unaona mwenyewe, Ndugu Mshauri. Kuwa na kumbukumbu kidogo kunatugharimu kuliko kutokuwa nazo kabisa, na tofauti ni shilingi 6,900,000, yaani milioni mbili na laki tatu kwa kila mtoto. Ili njia ya faida iwe nafuu kwetu, ingebidi tuthibitishe gharama zinazozidi milioni 81, na hizo hatuna.

Ndipo kaka alipokuja nyumbani kwangu juzi jioni na kuniambia nizichome risiti zote pamoja na yale makubaliano ya kiwanja, kisha nitie sahihi, pamoja naye na mdogo wetu, maelezo kwamba warithi hawana kumbukumbu yoyote ya gharama. Nilimuuliza swali moja tu: kama sikutoa hata msumari, ananiambia nichome nini? Alinyamaza, akavaa kofia yake, akaondoka bila kumaliza chai.

Sitaki unione mchoyo. Milioni mbili na laki tatu ni nyingi kwangu pia, na mdogo wetu ana watoto wawili wanaosoma sekondari ya bweni. Wala sipingi kuuza. Mimi ndiye niliyemtafuta mnunuzi. Ingawa nikikaa peke yangu katika sebule ile ninatamani mnunuzi abadili nia, nirudishe milioni 30 zake, na mambo yaishe hivyo.

Kuna jambo jingine linalonizidishia uchungu, nalo ni nyumba ya Sakina kule Arusha. Baba alimpa kaka nyumba hiyo mwaka 2019 kwa hati ya zawadi, akiwa hai na mwenye akili timamu, na mimi nilikuwa shahidi. Wengi wetu tulidhani zawadi ya mzazi kwa mtoto haina kodi kwa kuwa hakuna fedha iliyopita. Sivyo. Tulielezwa wakati ule kwamba anayempa ndugu yake mali huhesabiwa kama ameiuza kwa bei ya soko ya siku ile. Mthamini aliipa nyumba milioni 45, baba alikuwa na kumbukumbu za milioni 20, faida ikawa milioni 25, na mzee akalipa shilingi 2,500,000 kutoka kwenye akiba yake ili mwanawe apate nyumba. Faida ya jambo hilo kwa kaka ni kwamba hesabu yake sasa inaanzia kwenye milioni 45. Akiiuza kesho kwa milioni 70, faida yake ni milioni 25, si milioni 50, kwa sababu ile thamani ya siku ya zawadi ndiyo imekuwa gharama yake. Ana karatasi safi, iliyolipiwa na baba. Ya kwangu ninaambiwa niichome.

Hilo ndilo lililonifanya nimuulize mhasibu mmoja ninayesali naye: ikiwa zawadi huanzia kwenye thamani ya siku ya kutolewa, je, urithi nao usianzie kwenye thamani ya siku baba alipofariki, badala ya zile laki sita za mwaka 1994? Yeye anaona hiyo ndiyo hoja ya kupeleka kwa maandishi. Lakini akaniuliza ni thamani gani tuliyoandika mahakamani, na hapo ndipo niliponyong'onyea. Kwenye Fomu Na. V, ile ya orodha ya mali ya marehemu, kaka aliandika milioni 40 bila kumwita mthamini, akisema tarakimu kubwa huvuta macho ya watu. Kwa milioni 40, faida ni milioni 80 na kodi ni milioni 8. Kama angemwita mthamini mwaka ule na nyumba ikapewa, tuseme, milioni 90, faida ingekuwa milioni 30 na kodi milioni 3, chini hata ya ile asilimia 3, na leo hakuna ambaye angehitaji kuchoma chochote. Zaidi ya hapo, risiti zangu zisingekuwa na kazi kwenye kodi, maana paa na choo na ukuta vingekuwa tayari ndani ya thamani hiyo. Zingebaki kuwa jambo la kifamilia tu.

Nimeuliza pia kama kuishi kwangu pale kunatusaidia, kwa kuwa ipo nafuu ya nyumba ya makazi kwa mwenye nyumba aliyeimiliki na kuishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi. Nafuu hiyo huishia kwenye faida isiyozidi milioni 15. Yetu haikaribii hapo kwa hesabu yoyote ile, na mwenye nyumba hakuwa mimi.

Kwa hiyo ninaomba unisaidie katika haya. Je, mtu mwenye kumbukumbu za sehemu tu, zinazothibitisha milioni 12 na kukosa nyumba nzima, anahesabiwa kuwa na kumbukumbu au kuwa hana? Naweza kumpelekea afisa kila nilichonacho, pamoja na ile risiti nyeupe, nikamwacha yeye aamue njia, bila kuweka sahihi kwenye uongo? Tunaweza kuomba thamani ya mwaka 2021 ifanyiwe tathmini sasa na mthamini aliyesajiliwa, au Fomu Na. V imekwisha kutufunga? Na fedha zangu, nikizidai kwa kaka kabla ya kugawana, je, nitakuwa ninadai deni la mirathi au nitakuwa ninalipisha mapenzi kwa baba yangu? Sisemi kwamba ninazidai. Ninataka tu ijulikane kwamba zilitoka.

Mdogo wetu amekwisha kutia sahihi. Alinipigia jana usiku akaniambia, "Dada, yaache, risiti ni karatasi tu, sisi tunajua ulichofanya." Nilimwuliza kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya baba wadogo na shangazi, pale pale kaka aliposema habari za msumari. Akasema tutaongea Jumapili.

Kaka anakuja Jumatatu saa mbili asubuhi na maelezo yale, na mnunuzi ametupa hadi mwisho wa mwezi. Asubuhi hii, duka la vifaa vya ofisi likifunguliwa, nitakwenda kutoa nakala za zile zinazosomeka kabla hazijafutika zaidi, kisha kopo nitalipeleka kwa shangazi.

Msomaji wako,
Moshi