YAH: Ombi la kubadilishiwa simu inayojizima, niliyoinunua dukani kwenu 6 Septemba 2025

Nkuhungu, Dodoma
Jumatano, 17 Septemba 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Ninaomba mnibadilishie simu hii kwa nyingine mpya ya toleo lilelile. Kama toleo hilo limekwisha, ninaomba nirudishiwe fedha yangu yote, shilingi 485,000. Ninaomba jibu la maandishi kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025. Hizo ni siku saba za kazi kuanzia kesho.

Nimetanguliza ombi kwa sababu mara mbili nilizofika dukani sikulitamka. Alhamisi tarehe 11 nilisema tu kwamba simu inanisumbua, inajizima. Kijana wa kaunta alinisikiliza, akanipa chaja nyingine. Jumatatu tarehe 15 nikarudi nikasema bado inajizima. Safari hii fundi wenu aliifuta yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, nikasubiri karibu saa mbili, kisha nikaambiwa, "Nenda kaitumie kwanza, mama." Wote wawili walinipokea vizuri, na kila mmoja alinipa kile kilichokuwa ndani ya uwezo wake. Hakuna aliyekataa kunibadilishia, kwa kuwa sikuwa nimeomba kubadilishiwa. Leo naomba, na ninaomba kwako wewe unayeweza kuamua.

Simu yenyewe niliinunua Jumamosi tarehe 6 Septemba katika duka lenu la katikati ya mji. Nililipa kwa simu ya mkononi, nikapewa risiti ya EFD na kadi ya waranti ya miezi 12. IMEI yake inaishia na 4471. Namba zote 15 zinasomeka kwenye picha niliyoambatanisha, na nimehakikisha kwamba inayotokea kwenye skrini nikibonyeza *#06# ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti. Niliituma pia kwenda 15090, na jibu lilitaja toleo lilelile mliloniuzia. Kwa hiyo sisemi kwamba mmeniuzia simu bandia. Ninalalamikia jambo moja tu.

Jambo hilo ni kwamba simu inajizima ghafla wakati chaji bado ipo. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu tarehe 8, siku ya tatu tangu niinunue. Toka siku hiyo nilianza kuandika kwenye daftari kila inapotokea: saa, asilimia ya chaji iliyokuwa ikionekana, na nilichokuwa nikifanya. Mpaka jana jioni imejizima mara 11, nane kabla fundi wenu hajaifuta na tatu baada ya hapo. Chaji imekuwa kati ya asilimia 28 na 46 kila mara, na mara nyingi nilikuwa nimepokea simu au nimefungua kamera.

Mambo mawili katika daftari hilo ningependa fundi wenu ayatazame kwa makini. La kwanza, haijawahi kujizima ikiwa imechomekwa kwenye chaja. La pili, ikishajizima hukataa kuwaka mpaka niichomeke, na ikiwaka huonyesha asilimia ileile au pungufu kidogo. Maana yake chaji haikuwa imeisha. Betri inashindwa kutoa umeme wa kutosha pale simu inapohitaji mwingi kwa mara moja, au kuna hitilafu mahali umeme unapopita kutoka kwenye betri. Ingekuwa ni programu, kuifuta kungeiponya. Jana, ili nisije nikaambiwa ni programu nilizopakua mwenyewe, niliiwasha katika hali salama, ile inayozizuia programu zote zisizotoka na simu. Ilijizima saa 7:20 mchana ikiwa na asilimia 41, nikiwa katikati ya maongezi. Nimeirekodi kwa simu ya binti yangu. Video ni ya sekunde 50, haijakatwa popote, na inaanza na skrini inayoonyesha IMEI ili msiwe na shaka kwamba ni simu yenyewe.

Ninauza mafuta ya alizeti, na malipo yangu karibu yote hupita kwenye simu. Ijumaa tarehe 12 ilinizimikia nikiwa Kibaigwa, mzigo umeshapimwa na mwenye mzigo amesimama anasubiri fedha. Niliaibika, na gari lilinisubiri kwa gharama yangu. Sidai fidia ya siku hiyo. Nimeitaja ili mjue kwamba kwangu dosari hii si ya kuvumilia hadi mtakapopata nafasi, na nimeitenga makusudi ili isichanganyike na ombi langu, ambalo ni simu nyingine au shilingi 485,000.

Huenda mtapendekeza kuifungua na kubadilisha betri. Naomba nieleze kwa nini silikubali hilo. Ingekuwa nimeitumia miezi minane, ningesema sawa, itengenezeni, ndiyo kazi ya waranti. Lakini dosari ilijitokeza siku ya tatu. Mgongo wa simu hii umegandishwa kwa gundi kiwandani, na ukishabanduliwa si rahisi urudi kama ulivyokuwa katika kuzuia vumbi na maji. Mimi nililipa bei ya simu mpya, sikulipa bei ya simu iliyokwisha kufunguliwa. Tena nimeshawapa nafasi mbili za kuirekebisha, ile ya chaja na ile ya kuifuta.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa. Isipokuwa hivyo, mnunuzi anaweza kukikataa, mradi aseme mapema. Akikaa nacho muda mrefu bila kusema, huhesabika amekikubali. Kwa sababu hiyo naandika wazi hapa: simu hii ninaikataa, kuanzia tarehe ya barua hii. Tangu leo asubuhi nimeizima, laini nimeihamishia kwenye simu yangu ya zamani, na hii imo kwenye boksi lake pamoja na chaja, waya na kipini cha kutolea laini. Ile chaja ya pili mliyonipa nayo nitairudisha.

Chini ya risiti kumeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Naielewa kuwa inamhusu aliyenunua kisha akabadili mawazo. Mimi sijabadili mawazo, ndiyo maana ombi langu la kwanza ni toleo lilelile.

Mkikubali kubadilisha, ninachokitegemea ni simu iliyo katika boksi ambalo halijafunguliwa, IMEI yake iandikwe kwenye kadi mpya ya waranti, na miezi 12 ianze kuhesabiwa siku nitakayoikabidhiwa. Hili la waranti nalisema mapema kwa sababu kadi ya zamani ina IMEI ya simu mtakayobaki nayo, na nikirudi na tatizo mwakani nitaonekana nimekuja na kadi isiyo ya simu yangu. Ningependa pia tuiwashe pale kaunta na kuiacha ishuke mpaka chini ya asilimia 40 huku kamera ikiwa wazi, kabla sijaondoka. Nitakuja na muda wa kutosha kwa kazi hiyo.

Mkiwa hamna toleo hilo, fedha irudi kwenye namba ileile iliyolipa, ambayo inaonekana kwenye ujumbe wa muamala nilioambatanisha. Sitapokea vocha ya kununulia vitu vingine dukani, wala toleo la bei ya chini pamoja na ahadi ya kumaliziwa tofauti baadaye. Kama mna toleo jingine mnaloona linalingana na hili, niandikieni jina lake na bei yake kwanza, niamue nikiwa nyumbani.

Naweza kuileta simu siku yoyote ya kazi baada ya saa 8 mchana. Nimeshahifadhi picha na namba zangu. Kabla ya kuikabidhi nitaondoa akaunti yangu ya Google kisha niifute, maana ikifutwa akaunti ikiwa bado imo itawadai neno langu la siri na hamtaweza kuifungua. Nikiikabidhi, naomba karatasi yenye IMEI, tarehe, hali ya nje ya simu na jina la aliyeipokea. Nimeambatanisha picha sita za simu kutoka pande zote, zilizopigwa leo. Haina ufa wala mkwaruzo.

Haijawahi kuanguka wala kuingia maji. Mkifikia uamuzi kwamba imeanguka au imelowa, niandikieni ni sehemu gani mmeona alama hiyo na mniwekee picha yake. Jibu la "fundi amesema ni maji" peke yake sitaweza kulifanyia kazi, na hata ninyi hamtaweza kulionyesha kwa msambazaji wenu.

Hii ni barua yangu ya kwanza kwenu na sijapeleka nakala popote. Ikifika Ijumaa tarehe 26 saa 10 jioni bila jibu, Jumatatu ya tarehe 29 nitaipeleka hivi ilivyo, pamoja na viambatanisho vyake, Tume ya Ushindani. Ningependelea tumalizane wenyewe, kwani duka lenu nalipita karibu kila wiki na mwaka jana nilimnunulia mwanangu simu hapohapo, na inafanya kazi mpaka leo.

Jibu lenu linaweza kuwa fupi. Mkiniandikia "tunabadilisha, njoo siku fulani uonane na fulani" au "toleo limekwisha, tunarudisha fedha tarehe fulani", nitakuwa nimepata ninachohitaji. Mkikataa, niandikieni sababu. Naomba iwe kwa barua pepe hii hii. Mkinipigia nitapokea, ila nitawaomba mniandikie tuliyokubaliana.

Nimeambatanisha picha ya risiti ya EFD, ujumbe wa malipo, kadi ya waranti, picha ya IMEI kwenye boksi na kwenye skrini, kurasa mbili za daftari, video ya tarehe 16, na picha sita za simu. Jina langu kamili na namba ya simu ni vile vilivyo kwenye kadi ya waranti.

Wenu,
Mteja mwenye simu ya IMEI inayoishia na 4471