Barua ya wazi kwa Msajili wa Taaluma: kazi imefika mapema, I imegeukaje F?

Mheshimiwa Msajili, shikamoo.

Mimi ni mwakilishi wa darasa, na nakuandikia hadharani kwa sababu hili jambo tumeshalileta dirishani kwako mara nyingi tu na jibu ni lilelile, "mfumo ndo umegeuza". Haya, mfumo umegeuza, ila kuna mtu aliuambia ugeuze, na nadhani huyo mtu anaweza akauambia vingine.

Naongelea inkomplit, ile herufi I inayokaa kwenye matokeo pale mwanafunzi alipofanya sehemu kubwa ya kozi, alama zake zinaeleweka, halafu mwishoni mwa semesta akapatwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, ugonjwa, msiba, kitu kama hicho. Mwalimu anakubali, fomu inajazwa, kazi iliyobaki inaandikwa, tarehe inawekwa, wanasaini. Hadi hapo hatuna ugomvi. I yenyewe haiingii kwenye GPA, inashikilia tu nafasi mpaka alama halisi ije. Na tarehe ikipita bila alama kuja, I inageuka F yenyewe usiku mmoja bila mtu kugusa kitu.

Sasa shida yetu ni hiyo tarehe. Kwenye fomu ipo moja tu. Mwanafunzi akiisoma anajua ndo siku ya mwisho ya yeye kukabidhi kazi, mwalimu naye anaisoma hivyohivyo, lakini mfumo wako unaisoma kuwa ni siku ambayo alama iwe tayari imeshaingia. Na kati ya kazi kukabidhiwa na alama kuingia kuna safari ndefu kweli: mwalimu asahihishe, ajaze fomu ya kubadilisha alama, mkuu wa idara asaini, ndo ije ofisini kwako mtu aiingize. Mwanafunzi hana mkono kwenye hata hatua moja kati ya hizo, ila F ikija inaandikwa kwake.

Nikupe mfano, mwenzetu wa darasani, jina naliacha. Alilazwa semesta ikiwa inaishia, akiwa ameshamaliza kazi zinazobeba asilimia 60 ya kozi, na humo alikuwa na wastani wa 75, yaani mkononi ana pointi 45 kati ya 100. Kilichobaki ni projekti ya mwisho, asilimia 40. Akapewa I. Akaruhusiwa hospitali, akaandika, akakabidhi karibu wiki nzima kabla ya tarehe, na imeili ya mwalimu ya kusema "nimeipata" anayo. Mwalimu alikuwa safarini kikazi, akaisahihisha aliporudi, akampa 70, ambayo ni pointi 28. 45 na 28 ni 73, hiyo kwetu ni B. Ila fomu ya kubadilisha alama inafika kwako I ilikuwa imeshakuwa F zamani.

Hesabu yake iko hivi. Semesta ile alikuwa na kozi tano zenye krediti sawa, na zile nne nyingine alipata A, B, B na C, yaani 4, 3, 3 na 2, jumla 12. Ukigawa kwa nne ni 3.0. B ya kozi hii ingeingia kwa wakati ingekuwa 15 kwa tano, 3.0 ileile. F ilipoingia ikawa 12 kwa tano, 2.4. Mtu analala ana 3.0 anaamka ana 2.4 na hajafeli kitu!

Najua utasema F inarekebishwa, na kweli ilirekebishwa, hilo sibishi. Ila hiyo kozi ndo mlango wa kozi nyingine ya semesta iliyofuata, bila kuifaulu hii huruhusiwi kukaa kwenye ile. Mfumo ulipoona F ukamtoa kwenye orodha siku hiyohiyo. Marekebisho yakasubiri kikao, kikao kikakaa, B ikaingia, lakini dirisha la usajili lilikuwa limeshafungwa na ile kozi haifundishwi kila semesta. Alama imerudi, nafasi haijarudi. Huyu mtu anachelewa kuhitimu kwa sababu karatasi ilichelewa kutembea kati ya ofisi mbili.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni fomu iwe na tarehe mbili. Ya kwanza ya mwanafunzi kukabidhi, ya pili ya mwalimu kuleta alama, na ziachane angalau wiki mbili, halafu mfumo ugeuze I kwa kufuata ile ya pili. Kama mwalimu amethibitisha kwamba kazi ameipokea ndani ya muda, basi I ibaki I hadi asahihishe, na hapo anayekumbushwa awe yeye. Imeili ya kukumbusha itumwe kwa wote wawili kabla ya tarehe, sio ile ya baada ya F ambayo ukishaipata huna cha kufanya.

La pili, hata kwa yule ambaye kweli hakukabidhi kitu. Hatusemi aachwe hivihivi, mtu kapewa muda na hajaleta kazi, lazima limguse. Ila kwa nini F moja kwa moja? Fomu iwe na sehemu ya mwalimu kuandika alama ya akiba, maana yake alama atakayopata mwanafunzi kama kazi iliyobaki itahesabiwa sifuri. Huyu mwenzetu kwa pointi 45 zake angepata D, GPA ingekuwa 13 kwa tano, 2.6. Sio nzuri, ila ndo kazi aliyoifanya kweli. Wa pointi 20 akiba yake itakuwa F na hatalalamika, kwa sababu aliiona siku ya kusaini. Sasa hivi mtu aliyefanya zaidi ya nusu ya kozi na mtu aliyefanya robo wote wanaangukia shimo moja.

Na mambo mawili tunaomba yaandikwe juu kabisa kwenye fomu, kwa herufi za kusomeka, sababu watu wanaumia kila semesta. Moja, kuongezewa muda kunaombwa kabla tarehe haijapita, ikishageuka F hiyo tena sio nyongeza ya muda, ni rufaa ya alama, mlango mwingine kabisa na mgumu zaidi. Nyingine, mwenye I asijisajili upya kwenye kozi ileile akidhani ndo namna ya kuimalizia, mfumo unamhesabia anarudia kozi, anaanza sifuri na I ya zamani inaendelea kuhesabu siku zake kuelekea F. (Hili hata baadhi ya walimu wanawashauri vibaya wanafunzi, sijui wanalitoa wapi.)

Tarehe za inkomplit za semesta iliyopita zinakaribia na wapo wenzetu wameshakabidhi kazi na alama hazijaingia. Kubadilisha fomu kunahitaji kikao, tunaelewa, ila kusimamisha ugeuzaji kwa wale ambao walimu wao wamethibitisha kupokea kazi ni maelekezo ya ofisi yako tu. Tunaomba ufanye hivyo kabla mfumo haujapita tena, na majina tunaweza kuyaleta na barua za walimu wao hata kesho asubuhi.

Mwakilishi wa darasa, mwaka wa tatu