Kitambaa kinaangukaje? Krepu, satini, kitani na jezi kwenye sketi moja

Wateja wengi hututumia picha ya gauni na maneno matatu: "Nataka kitambaa laini." Tunaelewa wanachotafuta, ila maneno hayo hayatufikishi mbali. Satini ni laini, jezi ni laini, krepu nzuri ni laini, na hata kitani kikishafuliwa mara kadhaa hulainika. Gauni moja likishonwa kwa vitambaa hivyo vinne litatoka magauni manne tofauti. Ulaini unauhisi ukishika kitambaa. Kilichokuvutia kwenye picha, mara nyingi, ni namna kitambaa kinavyoanguka: kinaachia mwili wapi, kinajikunja vipi, na kinafanya nini mvaaji akitembea.

Tuchukue mfano wa sketi moja tunayoishona sana, ya nusu duara. Kiuno sentimita 72, urefu sentimita 75. Kiuno kikigawanywa kwa 3.14 unapata nusu kipenyo cha karibu sentimita 23, na ukiongeza urefu, duara la nje linakuwa na nusu kipenyo cha sentimita 98. Pindo la chini linafika karibu mita 3. Kwa kitambaa cha upana wa mita 1.5, mita 2 na kidogo zinatosha. Kwa hiyo juu kuna sentimita 72 na chini kuna mita 3, na kitambaa hicho chote cha ziada lazima kiende mahali. Kitaenda wapi? Hilo kitambaa ndicho kinachoamua, fundi hawezi kukilazimisha.

Kwa krepu, sketi hiyo inashuka karibu wima. Inagusa nyonga, inaziachia taratibu, halafu inafanya mikunjo ya mviringo yenye upana wa vidole vitatu hivi, inayokaa kwa mpangilio mpaka chini. Ukitembea inayumba na kurudi. Siri iko kwenye uzi. Uzi wa krepu husokotwa kupita kiasi cha kawaida, mara nyingi mmoja kulia na mwingine kushoto, na kwa sababu kila uzi unataka kujifungua, uso wa kitambaa unajaa vichembe vidogo unavyoviona ukikisogeza karibu na dirisha. Mvutano huohuo unakipa kitambaa uhai: kinaanguka, lakini hakilegei kabisa, na ukikikunja mkononi kikunyanzi hakikai sana. Ndiyo maana krepu inapendwa kwa mabaibui na kwa magauni ya ofisini. Inafuata umbo bila kulichora.

Satini inafanya kitu kingine. Mikunjo inakuwa mingi na myembamba, inaanza juu karibu na nyonga, na haitulii; kila hatua inaipanga upya. Hapa sababu ni ufumaji. Kwenye satini, uzi wa mtande, yaani ule wa urefu wa kitambaa, hupita juu ya nyuzi nne, au hata saba, za mshindio, zile za upana, kabla ya kuzama chini ya mmoja. Nyuzi zinashikana mahali pachache, hivyo zinateleza kirahisi na kitambaa kinapinda bila upinzani. Uzi mrefu ulio juu ndio pia unaorudisha mwanga, na mwanga huo unaikuza mikunjo machoni. Mkunjo mdogo ambao kwenye krepu usingeuona, kwenye satini unang'aa. Tumbo likijitokeza kidogo, satini italitangaza. Na kwa sababu nyuzi hazijashikana sana, mshono ukibanwa sana kwenye makalio unaanza kuachana: nyuzi zinasogea pembeni mwa mshono na kuacha mstari wa matundu madogo. Sketi ya satini tunaipa nafasi zaidi nyongani kwa sababu hiyo, hata mteja akisema ameizoea ya kubana.

Kitani (dukani wengi husema lineni) hakitaki kumwagika. Nyuzi zake zinatoka kwenye shina la mmea, ni ngumu na karibu hazivutiki. Sketi yetu ya nusu duara kwa kitani kipya inasimama mbali na miguu kama kengele, ikiwa na mikunjo michache mipana, mingine yenye ncha. Ukikaa nusu saa, ukisimama utakuta mistari mapajani, nayo haitoki mpaka pasi ipite. Watu wengine huiona hiyo kama kasoro. Mimi naiona ni tabia ya kitambaa, na kwa joto la pwani sijui kitambaa kinachopitisha hewa vizuri kuliko hicho, hasa kwa kuwa hakigandi mwilini. Ila ukitaka gauni la kumiminika, usikiguse.

Jezi ni habari tofauti kabisa, kwa sababu haikufumwa kwa mtande na mshindio. Ni vitanzi vilivyoingiliana. Fulana uliyovaa ndani imeshonwa kwa kitambaa hicho, na ukiitazama kwa karibu utaviona: upande wa nje vina sura ya herufi V, upande wa ndani ni vijinundu vya mlalo. Kitanzi kikivutwa kinafunguka, na kwa hiyo jezi haianguki kwa kukunjika tu, inaanguka kwa kunyooka. Sketi yetu kwa jezi inalala juu ya nyonga, inafuata kila mpindo wa mwili, halafu chini inalegea kwa mikunjo mizito. Uzito wake wenyewe unaivuta. Sketi hiyo ina eneo la kama mita mraba 1.4, hivyo jezi ya gramu 220 kwa mita mraba inaning'iniza kiunoni zaidi ya gramu 300. Ukiitundika usiku kucha, asubuhi ni ndefu kuliko ulivyoikata.

Kutundika hakuhusu jezi peke yake. Kwenye sketi ya nusu duara, sehemu fulani za kitambaa zinaangukia mshazari, yaani nyuzi zinalala kwa pembe ya digrii 45, na mshazari hunyooka hata kwa kitambaa kisichovutika. Krepu na satini hushuka hapo, na pindo linakuwa refu ubavuni na fupi mbele. Ndiyo maana fundi anayejali atakuambia urudi kesho. Sketi inatundikwa siku nzima, kisha pindo linapimwa kutoka sakafuni ukiwa umeivaa, ndipo linakatwa na kushonwa. Ukiletewa sketi ya duara iliyokamilika siku ileile iliyokatwa, ivae wiki moja halafu utazame pindo kwenye kioo.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Majina haya manne hayataji kitu kimoja. Kitani ni aina ya nyuzi. Satini ni namna ya kufuma. Krepu ni uso unaotokana hasa na usokotaji wa uzi. Jezi ni namna ya kuunganisha vitanzi. Kwa hiyo kuna satini ya hariri na satini ya poliesta. Kuna satini nyepesi inayomiminika na kuna satini nzito ya magauni ya bibi harusi inayosimama yenyewe kuliko kitani. Kuna jezi ya pamba na kuna jezi ya viskosi, ambayo ni nzito na inalegea zaidi. Ukiagiza kwa jina tu, unaweza kupata jina ulilotaka na kuanguka usikokutaka.

Kwa hiyo tunawaomba wateja waache kutaja ulaini na watueleze mambo matatu. La kwanza, kitambaa kiguse mwili mpaka wapi: kishike, kiguse tu, au kisimame mbali? La pili, mikunjo: mingi au michache, ya kidole kimoja au ya kiganja kizima, ya mviringo au yenye ncha? La tatu, mwendo: ukitembea kiyumbe na kurudi, kiteleze, au kitulie palepale? Ukiwa na video ya mtu anatembea, tuma hiyo badala ya picha. Mwanasesere wa dukani mara nyingi amebanwa pini mgongoni, na pini hizo zinaweza kufanya kitambaa chochote kionekane kinashika kiuno.

Mteja mmoja alituandikia hivi: "Fundi, nataka gauni la satini nyeusi la sendofu, laini." Tukamuuliza maswali yale matatu. Jibu lake: "Juu liguse tu lisibane, kuanzia nyonga lishuke moja kwa moja, mikunjo iwe michache, nikikaa mezani nikasimama lisiwe na alama, na sitaki ling'ae sana kwenye picha." Soma tena maelezo hayo na utaona hajaeleza satini hata kidogo. Ameeleza krepu yenye uzito wa kati. Tukamwambia, "Dada, unachokitaka ni krepu. Kama bado unaipenda satini, kuna satini yenye mgongo wa krepu, tunaigeuza ule mgongo uwe nje na upande unaong'aa ubaki ndani." Akachagua hiyo.

Kama unanunua kitambaa mwenyewe, kwa mfano Kariakoo, usikiamini kikiwa kwenye jora. Mwombe muuzaji akufungulie kama mita moja. Kishike katikati kwa vidole viwili na ukiinue, kining'inie. Satini nyepesi itafungana kama imelowa, krepu itafungua mikunjo ya mviringo, kitani kitabaki kimetanuka pembeni. Jezi itafungana vilevile, lakini ivute kwa upana uone inavyorudi. Isiporudi, magoti yako yatabaki yamechorwa kwenye gauni. Maabara za nguo hufanya jambo hilohilo kwa vipimo: kwenye kifaa cha Cusick, duara la kitambaa la sentimita 30 huwekwa juu ya kisahani cha sentimita 18, taa inawashwa, na kivuli kinapimwa. Kivuli kikubwa maana yake kitambaa kinasimama, kivuli kidogo maana yake kinaanguka.

Baada ya hapo nunua kipande kidogo kwanza ukifue. Vitambaa vipya, hasa kitani na satini za bei ya chini, mara nyingi vimetiwa dawa ya kuvikakamaza dukani. Ikitoka kwa maji, kitani kinalegea na kusinyaa kidogo, na satini iliyokuwa na mwili inabaki tepetepe. Krepu ya viskosi nayo husinyaa sana ikiloweshwa, ile ya poliesta karibu haisinyai. Pima kipande kabla na baada, ndipo uamue mita ngapi za kununua.

Jambo la mwisho tunalouliza ni bitana. Krepu nzuri ikiwekewa bitana ngumu inaanguka kama bitana, haianguki kama krepu. Sisi tunachagua bitana nyepesi kuliko kitambaa cha nje, na chini tunaiacha huru bila kuishona kwenye pindo. Kwa jezi, bitana nayo lazima ivutike, vinginevyo vitanzi vya nje vinavutika na ndani hakuna kinachosogea, na mshono wa pembeni unakatika siku ya kwanza ya kupanda daladala.