Waliweka sahihi, lakini mmoja bado hanywi chai nasi

Kwako mshauri, pamoja na wasomaji wenzangu,

Mimi ni msimamizi wa kituo kidogo cha kukusanya maziwa upande wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Nina watu saba chini yangu. Wawili kati yao wamenikosesha usingizi tangu mwezi uliopita, nami nikajitwika kazi ya kuwapatanisha. Nitaeleza nilivyofanya, pamoja na nilikokosea, kisha niulize.

Wa kwanza ni mpima maziwa. Wa pili ni mbebaji, anayezunguka kwa wakulima na pikipiki kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Ugomvi wao ulikuwa wa laktomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha kama yametiwa maji. Mpimaji alikuwa akikataa makopo ya mbebaji akisema yametiwa maji, na mbebaji akidai anaonewa yeye peke yake. Siku moja walifikia kushikana mashati mbele ya wakulima.

Kosa langu la kwanza nililifanya papo hapo. Niliwaambia wapeane mikono yaishe. Wakapeana kwa sababu mimi ndiye madamu na watu walikuwa wanatazama. Siku ya nne makelele yakarudi, tena makali zaidi.

Hapo nikaanza upya. Nilikaa na kila mmoja peke yake, muda ule ule, na maswali matatu yale yale: nini kilitokea, kimekugharimu nini, na unataka nini kibadilike. Swali la pili ndilo lililonifungua macho. Mbebaji alisema, "Madamu, kopo likirudishwa mkulima hanilaumu kwa maneno. Kesho yake ananinyima maziwa tu." Mpimaji naye ana hofu ya namna yake: maziwa yenye maji yakiingia kwenye tangi, kiwanda kinaweza kukataa tangi zima, na jina litakaloulizwa ni lake. Hakuna hata mmoja aliyeniambia haya siku ile ya makelele.

Kabla ya kuwaketisha pamoja nilifungua daftari la makopo yaliyokataliwa. Katika wiki tatu mbebaji alikuwa amerudishiwa makopo tisa. Mawili yaliganda kwenye kipimo cha alkoholi, kinachoonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha, na hayo hata yeye hakuyabishia, kopo halikuwa limeoshwa vizuri. Saba yalikataliwa kwa laktomita, na yote saba yalikuwa ya mzunguko wake wa kwanza, wa wakulima walio karibu nasi. Hilo likanishangaza. Mtu anayetia maji angeyatia kwenye safari ndefu, si kwenye ile ya dakika ishirini.

Wanaoijua kazi hii wameshaelewa. Laktomita zetu zimetengenezwa kusomwa maziwa yakiwa na joto la nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi huwa mepesi, na laktomita huzama kama vile kuna maji. Kwa kila nyuzi moja iliyozidi unapaswa kuongeza 0.2 kwenye kile ulichosoma. Maziwa ya mzunguko wa kwanza hutufikia yakiwa bado na joto la ng'ombe. Ya mbali hupozwa na baridi ya asubuhi njiani. Kwa hiyo kadiri jamaa alivyowahi, ndivyo alivyoonekana mwizi.

Mpimaji aliijua hesabu hiyo tangu mafunzoni. Lakini kipimajoto chetu kilikuwa kimevunjika, na aliyeombwa kununua kingine akachelewa alikuwa mimi.

Nilikinunua siku hiyo hiyo. Kesho yake nikawaita wote wawili kwenye kopo la kwanza. Laktomita ilisoma 25, na sisi hatupokei chini ya 26. Kipimajoto kikasoma nyuzi 30. Kumi zimezidi, mara 0.2, ni 2. Jumla 27. Maziwa mazima. Hakuna aliyesema neno, nami nikawaomba radhi wote wawili kwa uzembe wangu. Kuomba radhi mbele yao kulisaidia kuliko hotuba yoyote niliyokuwa nimeandaa.

Mchana tukaketi stoo, mlango umefungwa, simu zimezimwa. Kanuni yangu ilikuwa moja: mmoja akieleza, mwenzake asijibu kwanza, bali arudie alichosikia mpaka aliyesema akubali kwamba ndivyo. Ilichukua muda. Mbebaji alipoeleza kuhusu wakulima wanaomnyima maziwa, mpimaji alirudia, "Anasema mimi namharibia kazi." Mwenzake akakataa: "Sikusema unaharibu. Nimesema naogopa kukosa maziwa." Mara ya tatu ndipo akapatia, na sauti zikashuka zenyewe.

Tukaandika mapatano. Laktomita itasomwa mbebaji akiwepo, na joto liandikwe kando yake. Kopo likikataliwa, mtu wa pili apime tena kabla halijarudishwa. Mwenye lalamiko aje kwangu kabla ya kupaza sauti. Na baada ya wiki mbili tukutane tuone kama inafanya kazi. Nikauliza kama kuna lililobaki moyoni. Wote wakasema hakuna. Wakaweka sahihi.

Lakini lilikuwepo, nami nililijua.

Nilipokaa na mpimaji peke yake, kabla hajaanza, nilimwambia kwa wema, "Sema tu, halitoki hapa." Akasema. Siku mbili kabla ya kushikana mashati, wakiwa wawili tu, mbebaji alimwambia kwamba maziwa ya hapa hayahitaji kupimwa na madoadoa, neno la kuwadharau watu wa makabila yanayoonekana ni ya wageni. Mpimaji ametoka kaunti nyingine, na kabila lake hapa ni wachache. Aliniomba nisimwambie mtu.

Msomaji wa mbali anaweza kuliona ni neno tu. Sisi tuliokuwa pande za Njoro na Molo mwanzoni mwa 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, tunajua limebeba nini. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha neno hilo kati ya yale ya chuki.

Wiki mbili zimepita. Kopo moja tu limekataliwa, mtu wa pili akapima, mbebaji akakubali. Kwenye daftari ugomvi umekwisha. Ila mpimaji hanywi tena chai nasi saa nne. Anachukua kikombe anaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Ijumaa ameniletea barua ya kuomba ahamishwe.

Nimejaribu kila njia kichwani. Nikimwita mbebaji, atajua nani kasema, kwa maana walikuwa wawili tu. Nikiitisha mkutano wa wote nikemee ukabila bila kutaja mtu, kila mmoja atageuka kuwatazama hao hao. Nikimrudia mpimaji nimwombe ruhusa, naogopa nitamtwisha yeye mzigo wa kuamua jambo ambalo kama msimamizi lilikuwa langu kulishughulikia. Na nikinyamaza, kila siku nitakuwa nimemwambia kwamba laktomita ndiyo iliyoniuma na yeye siyo.

Maswali yangu ni haya. Je, ahadi niliyoitoa kabla ya kujua naahidi nini inanifunga hata hapa? Na je, neno lile ni la kupatanishwa kweli, kila mmoja asikilize na kurudia, au ni la nidhamu, ambapo mimi sikai katikati? Mkutano wetu wa kupitia mapatano ni Jumanne, na barua ya uhamisho bado iko mezani kwangu haijajibiwa.

Wenu,
Msimamizi wa kituo, Njoro