Kitelezi mlichokisifia kinanyamazisha nusu ya mazungumzo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu kuhusu simu na watu wenye usikivu hafifu imenishinda kuimeza. Mlisema anayesikia kwa sikio moja tu aingie kwenye mipangilio, akisukume kitelezi cha mizani ya sauti hadi mwisho upande wa sikio zima, na kazi imekwisha. Haijaisha. Hapo ndipo inapoharibika.

Kitelezi kile hakihamishi sauti kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kinaupunguza upande unaouacha, basi. Rekodi ya stirio ina njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na njia moja inaweza kubeba kitu ambacho ya pili haina. Mzee mmoja asiyesikia kwa sikio la kushoto aliwafuata neno kwa neno, kisha akafungua mahojiano ambamo mtangazaji amewekwa kulia na mgeni kushoto. Akasikia maswali yote, majibu hakuna. Alipofika kwangu, mimi fundi wa vifaa vya kusaidia kusikia, alikuwa ameshajihesabu kiziwi wa masikio yote mawili.

Kinachotangulia ni mono, ambayo hujumlisha njia zote mbili na kupeleka mchanganyiko uleule kila upande. Kwenye aifoni fungua Settings, Accessibility, Audio & Visual, uwashe Mono Audio. Kwenye simu za Samsung ipo ndani ya Accessibility, chini ya Hearing enhancements; kwenye Windows 11 ni Settings, Accessibility, Audio. Baada ya hapo, si kabla, ndipo usogeze kitelezi ukitaka. Kuhakikisha, cheza ile video ya kujaribu hedifoni inayotamka "kushoto" kisha "kulia": sikio zima peke yake liyasikie maneno yote mawili.

Na kama mngeuliza mtu yeyote anayeijua kazi hii, angewaambia pia kwamba zipo rekodi ambazo mono huzimeza. Sauti ni wimbi. Ikiwa njia ya kushoto imebeba wimbi lilelile la kulia lakini limepinduliwa, upande mmoja unapopanda mwingine unashuka, na zikijumlishwa zinafutana hadi kimya. Mara nyingi chanzo ni kebo: maikrofoni ya studio hutoa sauti kwa nyaya mbili zinazopingana, pamoja na ya ardhi, na fundi asiye makini huichomeka kwenye tundu la stirio, waya mmoja ukawa kushoto na wa pili kulia. Mwenye masikio mawili husikia sauti ya ajabu isiyojulikana inatokea wapi, lakini anaelewa maneno. Aliyewasha mono anasikia muziki wa utangulizi vizuri kabisa, halafu msemaji anatoweka akiwa hajafungua kinywa! Dalili ndiyo hiyo: muziki upo, mtu hayupo. Kwa rekodi hiyo, zima mono kwa muda na usukume kitelezi upande wa sikio zima, maana kila njia peke yake inabeba maneno yote. Hongereni, tumepata mahali pa kuutumia ushauri wenu. Dawa yenyewe iko kwa aliyerekodi, naye hupaswa kuipindua njia moja tu kabla ya kuchapisha. Hata kidole hakichoki.

Nikiwa hapohapo, ile picha yenu ya simu "inayoangaza ikiita" inaonyesha simu imelala mezani, kioo juu. Mwanga wa kamera uko mgongoni; katika picha yenu unaangazia meza. Ilazwe kifudifudi, au mwenye Android 14 aingie Accessibility, Flash notifications, awashe pia Screen flash ili kioo chenyewe kiwake. Hamkusema vilevile kwamba kwenye aifoni mwanga huo kwa kawaida huwaka simu ikiwa imefungwa tu, mpaka uwashe Flash While Unlocked. Na kuhusu maandishi ya papo kwa papo, mmechanganya vitu viwili: Live Caption ya Android huandika sauti inayochezwa ndani ya simu, hata ukiishusha hadi sifuri, lakini haimsikii jirani anayekusemesha. Ya kumsikia jirani ni Live Transcribe, inayotumia maikrofoni.

Napendekeza mnunue gombo moja la utepe mweusi, mzibe upande wa kushoto wa hedifoni za mhariri wa vipindi vyenu vya sauti, na asiruhusiwe kuchapisha kipindi mpaka akisikilize chote hivyo, mara ya kwanza mono ikiwa imezimwa, mara ya pili ikiwa imewashwa. Akimkosa mgeni katika mojawapo, kipindi kirudi studio. Utepe ubaki.

Fundi wa vifaa vya kusaidia kusikia