Mwanangu, barua ile usiitume kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Barua unayotaka kumpelekea bosi wako niliisoma jana usiku, na leo asubuhi nimeisoma tena mchana kweupe nikiwa na miwani, nikidhani labda jana macho yalinidanganya. Hayakunidanganya. Mstari wa pili tu umeshamtaja yule kijana mpya anayelipwa 950,000 wakati wewe uko kwenye 700,000 mwaka wa tatu sasa. Naomba ufute mstari huo kabla hujaendelea kusoma hapa.

Najua inauma. Lakini bosi akiusoma, hatajiuliza kama unastahili kuongezewa. Atajiuliza nani amekuonyesha mshahara wa mwenzako. Maneno yatahamia huko na utajikuta unajitetea. Atakwambia kijana ana cheti fulani, au alitoka mahali fulani, na hapo huna la kujibu kwa sababu humjui.

Kinachonisikitisha ni kwamba jambo lenye nguvu umelizika mwisho kabisa, tena kwa maneno mepesi: "nimejituma sana kufuatilia madeni". Ni nani asiyesema amejituma? Wewe mwenyewe uliniambia kwamba ulipokabidhiwa wadaiwa mwezi Januari, madeni yaliyopitisha siku 90 yalikuwa milioni 46, na mwisho wa Agosti yamebaki milioni 17. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Ila usikimbilie kuandika kwamba umekusanya milioni 29. Fungua tena ripoti uone zilikwenda wapi. Ulisema yule mteja mkubwa wa milioni 8 alilipa baada ya bosi mwenyewe kumpigia simu. Hizo ni za bosi, zitoe. Tena kuna milioni 3 ambazo kampuni ilikata tamaa ikazifuta. Deni likifutwa linapungua kwenye karatasi, lakini hakuna shilingi iliyoingia benki, kwa hiyo zitoe nazo. Zinabaki milioni 18. Hizo hakuna wa kukunyang'anya. Ukitaja 29 naye akakumbuka simu yake, ataanza kutilia shaka hata zile 18. Nimekaa kwenye vitabu vya hesabu miaka mingi, hili nimeliona likiwaangusha watu wazuri. Na majina ya wateja usiyaandike, wala ripoti usiitume kwenye simu yako. Taja mwezi na jumla tu, mwenyewe ataifungua.

La pili ni kazi ya dada aliyeondoka Machi. Kulinganisha hesabu za benki kila mwezi kumekuwa kwako na hawajaajiri mwingine. Hilo liandike bila kulalamika. Mengine yote, ya kufika mapema na kutokuwa mgonjwa, yaache. Na kodi ya nyumba iondoe. Shida zako nazijua mimi baba yako, ila bosi hapangi mshahara kwa kuangalia kodi ya mtu.

Sasa kiasi. Umeomba 800,000. Nimekaa na kalamu. Katika laki moja hiyo, NSSF itachukua 10,000, bodi ya mikopo 15,000 kwa ile asilimia 15 yao, na kodi, ambayo kwa mshahara wako ni asilimia 20 ya kinachobaki baada ya NSSF, itachukua 18,000. Itakayofika mkononi ni 57,000. Je, hiyo ndiyo uliyokuwa umeiwazia? Ukiomba 900,000 mkononi zitaongezeka 111,500, maana hapo sehemu ya juu kidogo inaingia kwenye asilimia 25. Mimi ningesema 900,000, na ningetamka wazi kwamba ni kabla ya makato, msije mkaelewana vibaya. Kiasi cha chini utakachokubali kijue moyoni, usikiandike.

Nimekujaribia hivi:

"Naomba mshahara wangu uangaliwe upya. Tangu Januari nimefuatilia na kukusanya shilingi milioni 18 za madeni yaliyopitisha siku 90, bila kuhesabu yaliyofutwa na yale uliyoyashughulikia mwenyewe. Tangu Machi nafanya pia ulinganisho wa hesabu za benki, na kila mwezi umekamilika kwa wakati. Kwa majukumu haya, naomba mshahara wa 900,000 kwa mwezi kabla ya makato, na niko tayari kuyazungumza utakapopata nafasi."

Basi. Hakuna "nimechoka", hakuna "la sivyo". Na hakuna yule kijana.

Usiiache mezani kwake kama hati ya mahakama. Muombe kwanza nusu saa, umwambie ni kuhusu majukumu na mshahara wako, ili asihisi amevamiwa. Siku za kufunga mwezi mwepuke, nenda baada ya tarehe 10. Umesema bajeti yao ya mwaka mpya hufungwa Novemba, kwa hiyo Septemba hii ndiyo wakati wake. Ukingoja Januari utaambiwa fedha zimeshapangwa, na itakuwa kweli. Ukishataja kiasi, nyamaza. Una tabia ya kujaza ukimya, umeirithi kwa mama yako, na ukimya ukikushinda utajishusha mwenyewe hadi 800,000 kabla hajafungua kinywa.

Akisema hakuna fedha, usinune. Muulize ni kitu gani akikiona kitabadilisha jibu, na lini mtakaa tena. Jioni ile ile mwandikie barua pepe fupi: asante kwa muda wako, tumekubaliana tutaangalia tena mwezi fulani. Ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa akihamishwa.

Unajiuliza kwa nini nimeng'ang'ania yule kijana. Mwaka ule uliohama shule katikati ya muhula, mama yako alikwambia kiwanda kimepunguza watu. Ndivyo ilivyokuwa, lakini kabla ya hapo kuna mtu aliyesimama kwenye korido mbele ya wafanyakazi wote akataja kwa sauti mshahara wa mwenzake aliyeajiriwa baada yake. Alichosema kilikuwa kweli. Orodha ilipotoka miezi michache baadaye, jina lake lilikuwa juu. Uniform uliyoiacha bado iko sandukuni.

Nafurahi kwamba unaomba. Mimi sikuwahi kuomba kwa utaratibu hata mara moja, nilidhani kazi itajisemea. Kwa hiyo usidhani nakurudisha nyuma. Ila nimekasirika kidogo kwamba umekaa miaka mitatu bila kusema kitu, hata kwangu.

Huku tuko salama. Bati la jikoni fundi ameliweka, ila misumari aliyotumia ni mifupi na upepo wa juzi umeshalinyanyua upande wa choo, nimemwita arudi. Mama yako macho yanaendelea vizuri, dawa ya matone anaiweka mara mbili, mara ya tatu anasahau, ukimpigia mkumbushe. Mahindi hatujauza, tunasubiri bei. Mdogo wako anasema umemwahidi viatu. Usimnunulie mwezi huu.

Nitumie ile ya pili kabla ya Alhamisi niipitie. Nikimkuta yule kijana tena nakupigia simu hapo hapo, hata kama uko kazini. Na lile sufuria kubwa ulilochukua Pasaka, mama yako analiulizia, kuna shughuli kwa shangazi yako tarehe 28.

Baba yako